Radhi ya Chumba cha Nyuma

Mimi Kisa sipendi kufundishwa Kiswahili. Nasema mapema ili tusije tukagombana. Miaka kumi na minne niko hapa Mbugani kwenye steshenari yangu, nachapa mambo ya watu: barua za kuomba kazi, mikataba ya pango, kadi za harusi, risala za msiba. Nilipozaliwa nilikuta nyumbani wanasema Kinyakyusa, Kiswahili nikakitafuta shuleni kwa fimbo, na kitu ulichokipata kwa fimbo hukubali kunyang'anywa kirahisi. Kwa hiyo mtu akija kuniambia Kisa hapa umekosea, mimi kwanza humwangalia viatu.

Sasa nawaambia jinsi nilivyokosea.

Alhamisi moja, asubuhi, alikuja mwalimu Amon. Huyu ni Mmalawi wa Mzuzu, kijana mrefu mpole, anafundisha Kiingereza kwenye shule moja ya binafsi. Amepanga chumba cha nyuma kwa Bi Siti, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Angekuwa mtu wa Karonga, hapo ng'ambo ya mpaka, tungeelewana naye bila shida, maana wale lugha yao na yetu ni ndugu tumbo moja. Lakini yeye ni Mtumbuka. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya.

Akanionyesha simu. Alikuwa ameandika mstari mmoja kwa Kiingereza, akataka niuweke kwa Kiswahili, kwa adabu, autume kwa Bi Siti. Mstari wenyewe ulisema: hujambo, kodi itachelewa siku chache, samahani.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi," akasema.

Nikamkalisha, nikamhoji, nusu Kiingereza nusu Kiswahili. Kodi yake ya miezi mitatu ilikuwa inaisha kesho yake, Ijumaa. Mshahara ulikuwa haujatoka, kwa sababu wazazi wengi walikuwa hawajalipa ada, kwa sababu kakao yao ilikuwa imeuzwa mnadani lakini malipo hayajashuka kwa wakulima. Hapa Kyela huo ndio mwendo wetu, kakao ikikohoa kila mtu anaugua. Mkuu wa shule aliwaahidi walimu Jumatano. Na Bi Siti mwenyewe hakuwepo wa kuongea naye ana kwa ana, alikuwa Mbeya kufunga mzigo wa duka lake, kurudi Ijumaa jioni.

"Sasa hofu ya nini?" nikasema. "Siku tano tu."

Ndipo akanieleza. Mke wake, Elizabeth, angefika Jumamosi kupitia mpaka wa Songwe, na mtoto. Mtoto ana miezi mitatu na Amon hajawahi kumshika. Amemwona kwenye picha tu. Akanionyesha hizo picha, zote, na nyingine zilikuwa picha hiyo hiyo. Na alikuwa amesikia kwamba Mikidadi, yule muuza vitenge wa sokoni, anakitaka kile chumba na yuko tayari kulipa miezi sita kwa mpigo. Mwenye nyumba akikasirika sasa hivi, Jumamosi mama na kichanga wanashuka kwenye gari hawana pa kulala.

Mwe! Moyo ukaniuma. Nina moyo, ingawa watu wa Mbugani wanabisha. Nikamwambia, mwalimu, Bi Siti si mtu wa kuandikiwa mstari mmoja. Yule baba yake alitoka Kilwa. Kwao maneno yana mavazi. Niachie mimi.

Nikaandika. Kwanza salamu, hilo halina mjadala. Kisha nikafika kwenye neno kodi, nikaliona kali, limekaa kidai-dai. Nikaliita haki. Kuchelewa nako nikakuona ni aibu kukutaja mbele ya mtu mzima, nikakuacha, nikataja siku ya kulipa tu. Kisha nikakumbuka kadi moja niliyomchapia mzee wa Kiislamu wa hapa hapa, ilikuwa na maneno matamu sana ya kuomba msamaha, hata nilipoyachapa niliyasoma mara mbili. Nikayachukua. Ujumbe ukawa hivi:

"Shikamoo Bi Siti. Natumaini u mzima wa afya. Nakutaka radhi kwa yote niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Umenipokea kama mwanao na wema wako sitausahau. Haki yako yote iliyo kwangu nitaikamilisha Jumatano, Mungu akipenda. Mungu akulipe kheri. Ni mimi Amon wa chumba cha nyuma."

Nikamsomea kwa sauti. Hakuelewa nusu yake, lakini akasema ni mzuri sana. Na kweli ulikuwa mzuri. Hata leo nasema ulikuwa mzuri. Akautuma, akanilipa, akasema "ndaga fijo", asante sana ya kwetu, kwa lafudhi ya kuchekesha, akaenda kufundisha.

Saa nane mchana akarudi, mapumziko ya chakula, uso umemparama. Bi Siti alikuwa amejibu. Akanipa simu nisome. Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena.

"Marahaba mwanangu. Nimesoma nikaishiwa nguvu. Nimekusamehe, dunia na akhera. Nami unisamehe. Chumba kile wenzio hulipa thelathini kwa mwezi, wewe nilikutajia arobaini kwa kuwa u mgeni hujui bei. Na bomba la uani nilikuwa nalifunga mapema kwa choyo tu, si kwamba maji yalikatika. Haki yangu iliyo kwako usihangaike nayo. Nenda salama."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakapiga kelele. Elfu kumi zaidi kila mwezi! Kijana wa watu, mgeni, mpole, anayesalimia mpaka mbuzi! Nikasema, Bi Siti huyu huyu anayetufundisha mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe mwenyeji anapona kwa elfu kumi kila mwezi! Nikasema mengi. Amon alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Dada Kisa, 'nenda salama.' Niende wapi?"

Nikamwambia labda ni namna yao ya kuagana kwenye simu. Uongo mtupu, na nilijua ni uongo wakati nausema.

Hakukupita nusu saa, Amon yuko bado pale anajaribu kunywa soda, akaingia Mikidadi. Ana furaha, kofia imekaa upande. Hamjui Amon kwa sura, anamjua kwa sifa tu.

"Dada Kisa, nichapie mkataba wa pango. Chumba cha nyuma kwa Bi Siti. Miezi sita. Mwenyekiti wa mtaa atatia sahihi kesho jioni Bi Siti akirudi."

"Chumba kina mtu," nikasema.

"Anaondoka. Bi Siti kanipigia sasa hivi toka Mbeya. Masikini analia, nilidhani kafiwa. Anasema yule kijana wa Kimalawi kamtaka radhi."

"Kumtaka radhi ndiyo kuondoka?"

Mikidadi akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Dada Kisa. Mtu akikwambia nisamehe kwa yote, ya kujua na ya kutojua, na haki yako nitaikamilisha siku fulani, huyo anakuaga. Ama anakwenda Makka, ama anahama mji, ama anakufa. Makka yule haendi, ni Mkristo. Bi Siti anasema sauti yake siku hizi imekuwa ya chini, anaogopa ni maradhi, anarudi kwao akafie kwa mama yake."

Ile kadi! Mzee yule mwenye kadi alikuwa anakwenda Hija. Nilichapa nakala mia mbili nikaona utamu wa maneno tu, sikuuliza maneno yanakwenda wapi. Nikamgeukia Amon nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba nimemuua. Hapo soda ilimtoka puani.

Mikidadi akasisitiza mkataba wake. Nikaona haya kumweleza kosa langu, nikamwambia wino umekwisha. Akaangalia mashine, ilikuwa inatoa karatasi za mtihani wa watu, nyeusi ti. Nikamwambia wino wa mikataba umekwisha. Akaondoka anatikisa kichwa.

Tulijaribu kumpigia Bi Siti. Simu haipatikani. Tukajaribu jioni, haipatikani. Baadaye tulijua chaji ilimwishia akiwa anawapigia nusu ya Mbeya kuwaambia habari za mwalimu wake anayekufa. Usiku ule nililala vibaya. Mtu anaweza kukosea hesabu ya chumvi, mboga ikaharibika, mkala wali mkavu, yakaisha. Mimi nilikosea kwa ufasaha, na mtoto wa miezi mitatu alikuwa njiani.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Kosta ya Mbeya ikafika, tukamwona Bi Siti anashuka na mafurushi yake. Mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuuzia samaki ingawa anauza vyombo. Tulimfuata mpaka nyumbani. Tulipoingia uani alikuwa hajavua hata viatu, amesimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, ameshika mfuko wa machungwa.

Akamwona Amon. Akaangusha machungwa.

"Mwanangu! Si ulale! Unatembea wewe?"

"Shikamoo Mama," Amon akasema.

Bi Siti akamshika paji la uso, akamshika shingo, akamfunua jicho. "Huna homa," akasema, na sauti yake ikaanza kubadilika. "Una nini?"

Nikaona zamu yangu imefika. Nikajieleza. Nilijieleza kama mtu anayelala chini kuchapwa. Kwamba ni mimi niliyeandika. Kwamba nilitaka kuwa na adabu. Kwamba kijana haendi popote, ni kodi tu, itachelewa mpaka Jumatano, nikaona aibu kulitaja neno. Kwamba Mikidadi nimemnyima wino wa mkataba.

Uso wa Bi Siti ukawa mwekundu kwa kadiri uso wetu unavyoweza. "Kodi," akasema. "Ilikuwa kodi. Mimi nimelia kwenye ghala la watu, Kisa. Wamenipa kiti na maji. Nimemtangazia kila mtu. Nimetoa siri yangu ya elfu kumi, nimetoa siri ya bomba, nikijua namkabidhi maiti! Kumbe maiti ana simu na anamletea Kisa asome!"

"Na siri yenyewe ni aibu," nikasema. Sikuweza kujizuia. "Kumtoza mgeni zaidi! Mtu mzima!"

"Haya, wewe msafi. Huo ujumbe ulimwandikia bure?"

Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye sketi yangu.

"Nakuuliza, Kisa. Ulimtoza ngapi?"

"Elfu mbili."

"Na mimi ukiniandikia ujumbe hunitoza ngapi?"

Kulikuwa na kuku uani, nikamwangalia kuku. "Mia tano," nikasema.

"Eee! Leo tumekutana wezi wawili mlangoni kwa mtu mmoja." Akacheka, lakini kicheko kikakatika upesi, akakaa kwenye ngazi. "Sasa nimempa Mikidadi neno langu. Kesho anahamia. Nifanyeje mimi? Mngesema tu. Mficha uchi hazai, nyinyi. Mngeniandikia kodi itachelewa ningekasirika siku moja, ningefoka hapa uani mpaka majirani wasikie, kisha ningengoja. Lini sijangoja mtu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nilikuwa na maneno, mimi sikosi maneno. Amon akanigusa mkono, akatangulia mbele yangu. Akachuchumaa pale chini ya ngazi, akaokota chungwa moja, akamrudishia, akaongea mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Mama. Mimi siendi. Mimi si kufa. Mke anakuja kesho. Mtoto anakuja. Mimi sijaona mtoto. Hela Jumatano. Kisa yeye maneno mengi. Mimi maneno machache. Tafadhali ngoja mimi."

Hakuna hata sentensi moja iliyonyooka. Mkono ulikuwa unaniwasha kuzisahihisha. Lakini Bi Siti alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye lile chungwa.

"Mtoto?" akasema. "Una mtoto na hukuniambia? Miezi tisa unakaa kwangu!"

"Mama hakuuliza," Amon akasema.

Na ni kweli, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyechapa barua zake za kazi sikumuuliza. Tulikuwa tunamwita Mmalawi, tunamtoza bei ya Mmalawi, tunapita. Niliona haya pale uani, haya ya kweli, siyo ile ya kwenye barua.

Bi Siti akajifuta uso kwa upande wa kanga. Akaomba simu ya Amon, maana yake ilikuwa imezima, akampigia Mikidadi. Tulisikia upande wake tu. "Mikidadi, neno langu nalivunja, nisamehe... Ndiyo, mzima... La, hana hata kikohozi... Usinipigie kelele, mkataba huna, Kisa kakunyima wino... Kuna chumba kwa shemeji yangu Abdulwahab, nitakusemea mwenyewe, karibu na soko kuliko hapa." Akakata. Akasema, "Kakasirika. Atapoa akila."

Kisha akamgeukia Amon, akaongea polepole, neno moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto uji. "Jumatano. Nimesikia. Kuanzia sasa ni thelathini. Za nyuma tumesameheana, usinichokoze."

"Elfu kumi za miezi tisa..." nikaanza.

"Kisa, mrudishie kijana elfu moja na mia tano yake, kisha ndiyo uzungumze."

Nikamrudishia pale pale. Alikataa mara mbili, Bi Siti akamfumba vidole.

Elizabeth akafika Jumamosi saa tisa na mtoto mgongoni. Amon alimpokea yule mtoto kwa mikono miwili iliyonyooka mbele kama anayepokea sinia la chai ya moto, akaogopa kuinama, akaogopa kupumua. Akasema kitu kwa Kitumbuka. Mkewe akacheka na kulia. Sikuuliza tafsiri, na hakuna aliyehitaji.

Jumatano ikafika. Mshahara haukutoka.

Mimi sikujua. Nilimwona tu Bi Siti anaingia dukani kwangu saa kumi na mbili jioni, simu mkononi, miwani puani, akaiweka mezani mbele yangu. "Soma," akasema.

Nikajua kijana hakuja kwangu, ameandika peke yake, labda na kamusi tu. Nikasoma.

"Shikamoo Mama. Ni Amon, chumba cha nyuma. Mshahara haujatoka leo, wanasema kesho. Kodi itachelewa siku moja. Nitaleta kesho saa kumi. Samahani sana. Mtoto anakusalimu."

Nilitafuta kosa. Nawaambia ukweli, nilitafuta, juu mpaka chini. Jina lipo, chumba kipo, sababu ipo, siku ipo na saa ipo, na neno kodi limekaa pale wazi, halijaniuma wala halijamuuma mtu. Nikamrudishia simu. Bi Siti akaisukuma tena kwangu.

"Macho yangu yamechoka, na wewe ndiye mwenye maneno. Nijibie. Mia tano hii hapa."

Nikashika simu. Kichwani yalikuja yote: kheri, baraka, unyenyekevu, shukrani zisizo kifani. Nikayaacha yapite. Nikaandika: "Marahaba. Sawa, mwanangu."

Akasoma. Akaniangalia juu ya miwani.

"Basi?"

"Basi," nikasema.

Akabonyeza, ikaenda, na mia tano yake sikuichukua.